Kikopo cha mume kitangulie: vipimo vya ugumba kwa wanandoa, hatua kwa hatua

Mwaka jana, mwezi wa saba, dada mmoja fundi cherehani wa Pasua aliweka bahasha ya kaki kwenye dirisha la maabara ninapofanya kazi hapa Moshi. Ilikuwa imetuna kwa karatasi. Nikazipanga kwa tarehe: ultrasaundi nne, vipimo vya homoni mara tatu, risiti mbili za kusafishwa kizazi, na karatasi ya daftari yenye majina ya dawa za chango alizouziwa sokoni. Miaka mitatu ya ndoa yake ilikuwa mle ndani. Nikatafuta karatasi yenye jina la mume, hata moja. Haikuwepo.

"Shemeji hajapima?" nikamuuliza.

"Yeye ana mtoto Boma Ng'ombe, yuko darasa la tatu. Anasema kwake hakuna tatizo."

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na ndiyo yanayowapotezea wanandoa muda kuliko kitu kingine chochote. Upande wa mwanaume huchangia karibu nusu ya matatizo ya kukosa mimba, ama peke yake ama pamoja na tatizo la mke. Kipimo chake cha kwanza, cha shahawa, hakina sindano wala maumivu, na majibu hutoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kikopo cha mume. Baadaye nitaeleza vipimo vya mke na tarehe zake, kwa sababu kipimo sahihi kikifanywa siku isiyo yake kinatoa jibu la uongo.

Muda wa kusubiri kabla ya kwenda hospitali

Daktari huanza kuita jambo hili ugumba baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga na bila mimba. Mara kwa mara maana yake ni kila baada ya siku mbili au tatu. Hapa kwetu wengi hukosea hesabu. Mume ni dereva wa watalii, msimu wote yuko Serengeti, anarudi siku nne kisha anaondoka. Au ni mpagazi wa mlimani, au yuko machimboni Mirerani. Wanasema wana mwaka mzima wanatafuta mtoto, kumbe miezi waliyokuwa pamoja siku za rutuba haifiki mitatu. Hesabu miezi mliyokuwa pamoja.

Kama mke ana miaka 35 au zaidi, msisubiri mwaka, nendeni baada ya miezi 6. Akiwa amefika 40, nendeni mara tu mnapoamua kutafuta mtoto. Na wapo wasiotakiwa kusubiri hata kidogo: mke ambaye hedhi yake haiji au inapishana kwa zaidi ya siku 35, aliyewahi kuugua maambukizi makali ya nyonga, aliyewahi kupata homa na maumivu ya tumbo baada ya kujifungua au mimba kuharibika, na aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kwa mume, ni yule ambaye korodani hazikushuka utotoni, aliyevimba korodani alipougua matumbwitumbwi akiwa kijana, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri au korodani, au anayepata shida ya nguvu za kiume au ya kutoa shahawa.

Jambo moja huwashtua kina dada bure. Aliyekuwa anatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu anaweza kuchelewa kushika mimba karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho, wakati mwingine zaidi ya hapo. Hilo ni kuchelewa tu, dawa haikuharibu kizazi. Vidonge na kitanzi havina ucheleweshaji wa namna hiyo.

Hatua ya kwanza: kikopo

Mtoto wa darasa la tatu anathibitisha kwamba miaka tisa au kumi iliyopita baba yake alikuwa na mbegu za kutosha. Hasemi chochote kuhusu leo. Mbegu hutengenezwa upya wakati wote, kundi moja huchukua kama siku 74 hadi likomae, na hali ya korodani hubadilika kwa miaka. Vilevile, kuwa na nguvu kitandani na kutoa shahawa nyingi si ushahidi. Sehemu kubwa ya shahawa ni majimaji yanayotoka kwenye tezi, na mtu anaweza kutoa mililita nne zisizo na mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kutambua. Ni hadubini tu inayoona.

Kabla ya kipimo, mume akae bila kutoa shahawa kwa siku zisizopungua 2 na zisizozidi 7. Zikipungua, idadi inashuka. Zikizidi, mbegu zilizochakaa zinakuwa nyingi na mwendo unaonekana mbaya. Kama ameugua homa kali ndani ya miezi mitatu iliyopita, iwe malaria au taifodi, aseme mapema, kwa sababu homa hushusha mbegu kwa muda na majibu yanaweza kumtisha bila sababu.

Shahawa hutolewa kwa mkono, moja kwa moja ndani ya kikopo kisafi kilichotoka maabara. Asitumie chupa ya dawa iliyooshwa nyumbani, kwa kuwa sabuni inaua mbegu. Asitumie mate, mafuta wala losheni, na asitumie kondomu ya kawaida. Na asitoe kwa njia ya kukutana na mke kisha achomoe dakika ya mwisho. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote yanayofuata, na kwa njia hiyo ndilo linalopotea. Likimwagika, aseme. Wanaume wengi huona haya na kunyamaza, kisha tunahesabu nusu ya mzigo tukidhani ni wote. Mke anaruhusiwa kuingia naye chumbani kumsaidia, na hakuna mhudumu atakayewashangaa.

Kikopo kifike mezani ndani ya saa moja, nusu saa ikiwezekana. Anayekaa Pasua au Majengo anaweza kutolea nyumbani na kukileta. Anayetoka Himo au Marangu kwa daladala, bora atolee hospitali, kwa sababu gari likisimama kupakia pale njiani saa imekwisha. Na mwezi wa sita au wa saba, baridi ya Moshi na Arusha inatosha kuzifanya mbegu ziduwae. Kikopo kibebwe ndani ya nguo, karibu na mwili, kama mtu anavyobeba kifaranga. Kisiwekwe kwenye mkoba, wala kwenye barafu.

Majibu yana mistari mingi, lakini mitatu ndiyo ya kuanzia. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 vinataja mipaka ya chini hivi: ujazo mililita 1.4, idadi milioni 16 kwa kila mililita, na mbegu zinazoogelea kwenda mbele asilimia 30. Ukizidisha ujazo kwa idadi unapata jumla ya mbegu, na mpaka wake wa chini ni milioni 39. Aliye chini kidogo ya mipaka hiyo si tasa, ila uwezekano wa mimba kila mwezi unapungua. Aliye juu naye hajahakikishiwa mtoto.

Jibu baya moja halitoshi. Kipimo kinarudiwa baada ya miezi mitatu hivi, kundi jipya la mbegu likiwa limekomaa. Asipoonekana na mbegu hata moja, hakuna sababu ya kungoja muda wote huo: kipimo kirudiwe mapema na daktari amwone huku wakisubiri. Kwa wasio na mbegu kabisa, swali ni kama kiwanda kimesimama au njia imeziba. Daktari hupima ukubwa wa korodani kwa mkono na kuagiza vipimo vya homoni, hasa FSH, inayotoka chini ya ubongo kuamuru korodani zitengeneze mbegu, na testosteroni, homoni ya kiume. Korodani ndogo na FSH ya juu huonyesha kiwanda chenyewe kina shida. Korodani za kawaida na FSH ya kawaida humfanya daktari atafute kizuizi njiani, na mara nyingine kizuizi hicho kimetokana na kisonono cha zamani.

Nawasihi vijana wa jimu wanaochoma sindano za testosteroni au dawa za kujaza misuli: sindano hizo huzima utengenezaji wa mbegu, wakati mwingine mpaka sifuri. Mwili unadhani homoni zipo tele, unaacha kuamuru korodani zifanye kazi. Mara nyingi mbegu hurudi dawa ikiachwa, lakini huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Mwambieni daktari ukweli siku ya kwanza.

Yule shemeji

Alikuja tarehe 24 Julai, akiwa amevaa ovaroli ya gereji, akakabidhi kikopo bila kuniangalia usoni. Ujazo ulikuwa mililita 3, safi kabisa. Chini ya hadubini nilihesabu milioni 4 kwa mililita, na zinazoenda mbele asilimia 15. Hakuwa ameugua homa. Nilimwandikia arudie mwishoni mwa Oktoba, na wakati huohuo amwone daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume.

Daktari alimpima akiwa amesimama, kisha akamwambia avute pumzi na kujikaza kama anayesukuma choo. Upande wa kushoto, juu ya korodani, kukajitokeza fundo laini la mishipa, kama kifuko cha minyoo. Hiyo ndiyo varikoseli, mishipa ya damu iliyotanuka na kutuamisha damu ya moto karibu na korodani. Kwa wanaume wote kwa jumla, kama 15 katika kila 100 wanayo na wengi wao huzaa bila shida. Kwa wanaotafuta matibabu ya ugumba hufika hata 40 katika 100. Mtu akilala, mishipa hiyo hujificha, ndiyo maana anayepimwa kitandani tu anaweza kuambiwa yuko salama. Huenda wakati mtoto wa Boma Ng'ombe anatungwa, mishipa hiyo ilikuwa bado haijamdhuru.

Hatua ya pili: kalenda ya mke

Wakati mume anashughulikiwa, mke hasubiri. Kwake kuna maswali matatu: je, yai linapevuka, mirija iko wazi, na kizazi chenyewe kina nafasi ya mimba kukaa? Lakini kwanza anunue daftari. Siku ya 1 ni siku damu inapotoka kamili, matone ya utangulizi hayahesabiwi. Aandike tarehe hiyo kwa miezi mitatu, na urefu wa mzunguko utajionyesha wenyewe.

Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hesabu inaanzia mwisho kurudi nyuma, na hapo ndipo fundi wetu alipopotezwa. Mzunguko wake ni siku 34. Kuna mahali alipimwa projesteroni siku ya 21, ikatoka 0.8, akaambiwa mayai yake hayapevuki, akapewa dawa za kupevusha. Siku ya 21 ni ya mwanamke wa mzunguko wa siku 28. Homoni hiyo hupanda baada ya yai kutoka, na kilele chake ni kama wiki moja kabla ya hedhi. Kwa hiyo unatoa 7 kwenye urefu wa mzunguko: 34 kutoa 7 ni 27. Siku ya 21 yai lake lilikuwa limetoka jana tu, au halijatoka bado.

Hedhi yake ilianza tarehe 3 Agosti. Tukahesabu pamoja pale dirishani kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani: siku ya 27 ni tarehe 29 Agosti. Damu ya siku hiyo ilitoa 11. Kiwango kikiwa juu ya nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Alikuwa anapevusha kama kawaida, miaka yote hiyo.

Na siku zao za kukutana zilikuwa zimekosewa kwa sababu ileile. Walikuwa wanalenga siku ya 14 kama walivyosikia kwa watu. Dirisha la rutuba ni siku ya yai kutoka na siku tano zinazoitangulia, na kwake ni siku ya 15 mpaka ya 20. Asiyependa hesabu akutane na mwenzake kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, hatalikosa.

Mke ambaye hedhi inapishana sana au haiji hahitaji projesteroni ili kujua kuna tatizo la kupevusha, mzunguko wenyewe umeshasema. Chanzo cha kawaida ni ovari zenye vifuko vingi, mara nyingi pamoja na chunusi, nywele kidevuni au uzito kupanda. Daktari ataangalia pia tezi ya shingo kwa kipimo cha TSH, na prolaktini, homoni ya maziwa, hasa kama maziwa yanatoka na hanyonyeshi. Homoni zinazoamuru ovari, FSH na LH, hupimwa siku ya 2 hadi ya 5.

Hatua ya tatu: mirija

Mirija huzibwa zaidi na maambukizi: klamidia na kisonono, ambavyo kwa mwanamke mara nyingi havionyeshi dalili yoyote, na maambukizi yaliyoingia baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia mirija, hata kwa mtu asiyekohoa. Ultrasaundi ya kawaida haionyeshi kama mrija uko wazi. Dada huyu alifanya nne, na zote ziliandika "kawaida", kwa sababu mrija wenye afya hauonekani pale.

Kipimo chake ni eksirei ya mirija, inayoandikwa HSG kwenye fomu. Dawa inayoonekana kwenye eksirei inapitishwa taratibu kupitia shingo ya kizazi, na picha zinaonyesha kama inamwagika upande wa pili. Inafanywa damu ikishakauka na kabla yai halijatoka, kwa wengi kati ya siku ya 6 na ya 11. Yeye alifanya tarehe 11 Agosti, siku ya 9. Tangu hedhi ianze mpaka siku ya kipimo msikutane, ili pasiwe na mimba changa ndani. Kama una uchafu unaonuka au maumivu ya nyonga, sema, utibiwe kwanza, la sivyo dawa itasukuma vijidudu juu. Nusu saa au saa moja kabla, kunywa dawa ya maumivu aliyokuandikia daktari. Tumbo litabana kama hedhi kali kwa dakika chache, na matone ya damu siku moja mbili ni ya kawaida. Homa, au maumivu yanayozidi kesho yake, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Picha ikisema mirija imeziba pale inapoanzia kwenye kizazi, usikate tamaa siku hiyo. Misuli ya kizazi ikikaza kwa maumivu huubana mrija na kuonekana umeziba, hivyo daktari anaweza kutaka kuhakikisha kwa njia nyingine. Ikiwa mrija umeziba mwishoni na kujaa maji, hilo ni jambo jingine, linahitaji daktari bingwa. Hakuna dawa ya kunywa inayozibua mrija wenye kovu, iwe ya kuchemsha au ya kopo. Kusafisha kizazi nako hakufiki kwenye mirija. Kukikwanguliwa mara kwa mara bila sababu, kizazi chenyewe kinaweza kupata makovu ya ndani, na hapo mwanamke amepewa tatizo ambalo hakuwa nalo.

Mirija ya fundi wetu ilikuwa wazi yote miwili. Kizazi kilikuwa safi pia, na nilishukuru Mungu kwamba kule kusafishwa mara mbili hakukumwachia kovu. Kuhusu fibroidi nitasema kwa ufupi: wengi wanazo na wanazaa. Inayosumbua mimba zaidi ni ile iliyochomoza ndani ya chumba cha kizazi. Msikimbilie kukatwa kabla mume hajapimwa.

Mahali pa kwenda na cha kubeba

Vipimo vya kwanza vinaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha. Ikihitajika mbele zaidi, KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda, na wa bima aulize mapema kuhusu barua ya rufaa na kipimo kipi kinalipiwa. Nendeni wawili siku ya kwanza. Bebeni daftari la hedhi, karatasi zote za zamani hata za aibu, na orodha ya dawa mnazotumia, zikiwemo za asili. Pimeni pia Virusi vya Ukimwi na kaswende. Mke aanze vidonge vya foliki asidi, maikrogramu 400 kila siku, tangu anapoanza kutafuta mimba.

Shemeji alirudia kikopo tarehe 24 Oktoba: milioni 5, mwendo asilimia 17. Kwa kuwa majibu mawili yalikubaliana, na kwa mke hapakuonekana tatizo, daktari akamfanyia upasuaji wa varikoseli mwezi wa Novemba. Aliambiwa wazi kwamba si kila anayefanyiwa hupata nafuu, na kwamba mabadiliko yataonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Februari alikuwa na milioni 9. Mwezi wa tano mwaka huu milioni 14 kwa mililita, mwendo asilimia 26, na kwa ujazo wake wa mililita 3 jumla imefika milioni 42.

Mimba bado. Mke ametimiza miaka 32, na daktari amewapa mpaka Desemba wajaribu wenyewe kabla ya kuzungumzia kuwekewa mbegu kizazini au kutungisha mimba maabara. Wiki iliyopita mume alipita dirishani peke yake, bado ana grisi kwenye kucha, akatoa simu na kunionyesha kalenda. Alikuwa ameweka alama siku ya 15 mpaka ya 20. Alitaka nimhakikishie kwamba amehesabu kuanzia siku damu ilipotoka kamili, na alikuwa amehesabu sawa.